Flashi ya 2 TB kwa Shilingi 1,500: Pima Kabla Hujabonyeza Tuma

Mteja wetu mmoja anafanya kazi ya kupiga picha na video za harusi mjini Turbo, kwenye barabara kuu ya Eldoret kwenda Webuye. Alitupigia simu akiuliza jambo moja tu: je, pesa aliyotuma wiki sita zilizopita inaweza kurudishwa? Alikuwa amelipa shilingi 1,500 kununua flashi ya 2 TB aliyoiona kwenye tangazo la Facebook. Muuzaji alimwambia, "Kastoma, hii ni ofa, zimebaki nne. Tuma sasa nikuwekee kwa matatu ya leo." Akatuma. Mzigo ukafika steji ya Turbo kesho yake, umefungwa vizuri, flashi ya chuma inang'aa, na pembeni imeandikwa 2TB.

Pesa haikuweza kurudi, na tutaeleza kwa nini. Lakini shilingi 1,500 haikuwa hasara kubwa. Hasara kubwa ilikuwa harusi tatu za watu alizokuwa ameziweka ndani ya flashi hiyo. Somo la leo linaeleza jinsi flashi ya uongo inavyofanya kazi, kwa nini inapita majaribio ya kawaida, na jinsi ya kuipima kabla pesa yako haijaenda mbali. Mwishoni tutagusa laptopu, kwa sababu ujanja ni wa ukoo mmoja.

Flashi inajitaja yenyewe

Ndani ya flashi kuna vitu viwili muhimu. Kuna chipu ya kuhifadhia, ambayo ndiyo ghala lenyewe, na kuna chipu ndogo inayolisimamia ghala hilo. Hii ya pili tutaiita karani. Unapochomeka flashi, kompyuta haiingii ghalani kuhesabu nafasi. Inamuuliza karani, "Una nafasi kiasi gani?" Karani akijibu 2 TB, kompyuta inaamini na kukuandikia hivyo kwenye skrini.

Wahuni wanachukua flashi yenye ghala dogo, kwa mfano 32 GB, na kumfundisha karani kusema uongo. Programu za kubadilisha maagizo ya karani zipo, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kwa hiyo ukifungua `This PC` ukaona flashi ina 1.81 TB, hujathibitisha chochote. Umemsikia tu karani akirudia alichofundishwa.

Hapa tutoe shaka moja inayowasumbua wengi. Flashi ya kweli ya 2 TB pia ingeonyesha 1.81 TB kwenye Windows. Flashi ya kweli ya 64 GB huonyesha kama 59.6 GB, na ya 32 GB huonyesha kama 29.8 GB. Huo si wizi. Watengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili, lakini Windows huhesabu GB moja kuwa baiti 1,073,741,824. Upungufu wa asilimia saba hadi tisa hivi ni wa hesabu. Wizi wenyewe huwa mkubwa zaidi ya huo, tena hauonekani pale.

Kwa nini majaribio ya kawaida hayaigundui

Mteja wetu hakuwa mzembe. Flashi ilipofika, alinakili filamu moja ya GB 2, akaicheza, ikacheza safi kabisa. Jaribio hilo halikumsaidia, kwa sababu GB 2 zinaingia bila shida kwenye ghala la 32 GB. Flashi ya uongo hufanya kazi kama ya kweli mpaka siku ghala halisi linapojaa.

Baada ya hapo ndipo balaa huanza, nalo huanza kimya kimya. Karani haambii kompyuta kwamba nafasi imekwisha. Anaendelea kupokea mizigo na kusema "sawa, imefika", huku anaitupa. Flashi nyingine hazitupi mzigo mpya, bali huuweka juu ya ule wa zamani, kwa hiyo zinazoharibika ni faili za mwanzo. Kwa vyovyote, kompyuta haionyeshi kosa lolote wakati wa kunakili.

Ukifungua flashi utaona majina yote ya faili na ukubwa wake, yakiwa yamepangwa vizuri. Hiyo ni kwa sababu orodha ya majina hukaa sehemu moja na yaliyomo hukaa sehemu nyingine. Orodha kwa kawaida iko mwanzoni mwa flashi, ndani ya eneo ambalo lipo kweli. Ni kama daftari la ghala linalosema kuna magunia 200 ya mahindi wakati stoo ina magunia matatu. Daftari ni zima. Mahindi ndiyo hayapo.

Kuna mtego mwingine. Mteja wetu alifungua video mara tu baada ya kuinakili, na ikacheza. Alidhani inacheza kutoka kwenye flashi, kumbe kompyuta ilikuwa bado imeishika kwenye kumbukumbu yake ya muda. Ndiyo maana jaribio lolote la maana lazima lifuatwe na kuchomoa flashi na kuichomeka upya.

Harusi tatu, na hesabu ya kilichopotea

Tufuate hesabu yake hatua kwa hatua. Harusi ya kwanza ilikuwa GB 18. Ya pili ilikuwa GB 14. Ya tatu ilikuwa GB 21. Jumla ni GB 53, kiasi kidogo sana kwa mtu anayeamini ana 2 TB. Kila alipomaliza kunakili harusi moja, alifuta memori kadi ya kamera ili itumike tena. Huo ndio mtindo wa wapiga picha wengi wenye kadi mbili tu.

Wanaharusi wa pili walipokuja kuchukua kazi yao, sehemu ya mwisho ya sherehe ilikataa kufunguka. Akampelekea flashi fundi wa kompyuta hapo hapo Turbo. Fundi alimsikiliza, akaitazama flashi, akauliza, "Dada, hii ulinunua pesa ngapi?" Alipoambiwa, akasema, "Wacha tuipime kwanza, halafu tuongee."

Fundi alihamisha kila kilichosomeka kwenye kompyuta yake, kisha akaipima flashi kwa programu inayoitwa H2testw. Aliiagiza iandike GB 100 na kuzisoma tena. Majibu yalikuwa haya:

```
The media is likely to be defective.
29.0 GByte OK (60817408 sectors)
71.0 GByte DATA LOST (148897792 sectors)
```

Maana yake ni kwamba kati ya GB 100 zilizoandikwa, GB 29 zilirudi kama zilivyoandikwa na 71 zilipotea. Ghala halisi ni GB 29, yaani chipu ya 32 GB au pungufu kidogo. Sasa rudisha harusi kwenye mstari. GB 18 za kwanza zilikuwa salama. Za pili zilikuwa GB 14, na nafasi iliyobaki ilikuwa 11, kwa hiyo GB 3 za mwisho zilipotea. Za tatu, GB 21, hazikuwahi kuhifadhiwa hata kidogo. Zilikuwa majina tu.

Bahati moja ilikuwepo. Kadi iliyopigiwa harusi ya tatu ilikuwa imefutwa, lakini haikuwa imerekodiwa tena. Faili ikifutwa kwenye kadi, yaliyomo hubaki mpaka yaandikiwe juu, kwa hiyo fundi alitumia programu ya bure ya PhotoRec na kurudisha sehemu kubwa ya video. Kadi ya harusi ya pili ilikuwa imeshatumika mara nyingine. Zile GB 3 zilikuwa na hotuba za wazazi na kukata keki, na hakuna fundi atakayezirudisha. Mteja wetu aliwarudishia wanaharusi shilingi 8,000 kati ya 20,000 walizolipa, na akaomba msamaha kwa kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukirekodi tena.

Piga hesabu ya bei kwanza

Kabla ya programu yoyote, kipimo cha kwanza ni bei ya kila GB. Uliza bei ya flashi ndogo ya kawaida katika duka linaloeleweka la Eldoret. Tuseme ya 32 GB ni shilingi 800. Hiyo ni shilingi 25 kwa GB. Flashi ya 2 TB kwa shilingi 1,500 ni senti 75 kwa GB, yaani bei imeshuka zaidi ya mara 30. Flashi kubwa huwa na nafuu kidogo kwa kila GB ukilinganisha na ndogo, lakini hakuna nafuu ya mara 30. Mwenye chipu ya kweli ya 2 TB hana sababu ya kuiuza kwa bei ya chipu ya 32.

Flashi za kweli za 2 TB zipo duniani. Kingston, kwa mfano, walitangaza yao mwaka 2017, ikiitwa DataTraveler Ultimate GT. Ilikuwa kitu kinene cha gharama kubwa, si kijiti cha kuning'iniza kwenye funguo. Ukiona 2 TB, 4 TB au hata 16 TB kwenye kijiti cha bei ya kutupa, huhitaji kuipima. Pita tu.

Ugumu uko kwa uongo mdogo. Flashi ya 64 GB ambayo ndani ni 16, ikiuzwa kwa bei inayokaribia ya dukani na ikiwa na jina la kampuni maarufu, haiwezi kugunduliwa kwa bei. Nembo huchapishwa kirahisi kama karatasi ya kufungia. Hapo ndipo unahitaji kupima.

Jinsi ya kuipima

Kanuni ni moja: andika kitu kinachojulikana mpaka flashi ijae, kisha kisome chote na ulinganishe. Hakuna njia nyingine inayothibitisha nafasi yote. Kama huna kompyuta, nenda saiba au kwa fundi na umwombe akufanyie. Ni kazi anayoweza kuiacha ikiendelea akihudumia wengine.

1. Hakikisha flashi ni tupu. Kama kuna kitu chako ndani, kihamishe kwanza mahali pengine.

2. Kwenye Windows, pakua H2testw, programu ya bure iliyotoka kwa jarida la kompyuta la Ujerumani liitwalo c't. Ukiifungua chagua `English`, kisha bonyeza `Select target` na uchague flashi yako. Angalia herufi ya flashi mara mbili ili usichague diski ya kompyuta.

3. Chagua `all available space`, kisha bonyeza `Write + Verify`. Programu itajaza flashi kwa faili za GB moja moja zenye majina kama `1.h2w`, halafu itazisoma zote.

4. Soma majibu. `Test finished without errors` ni habari njema. `The media is likely to be defective` pamoja na `DATA LOST` ni habari mbaya, na mstari wa `OK` unakuonyesha ghala halisi ni kiasi gani.

Kwa Linux na Mac kuna programu ya F3, ambayo hufanya kazi ile ile kwa amri mbili. Ya kwanza huandika, ya pili husoma. Badilisha njia iwe ya flashi yako, na uchomoe na kuchomeka upya kati ya amri hizo mbili:

```
f3write /media/flashi
f3read /media/flashi
```

Muda ni jambo la kupanga. Flashi nyingi za bei ya chini huandika kama MB 10 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, kuandika 64 GB huchukua karibu saa moja na dakika 47, na kuzisoma huenda kukaongeza saa nyingine. Flashi inayodai 2 TB ingechukua zaidi ya saa 55 kuandikwa tu. Huo ndio ulinzi wa muuzaji mwongo: anajua hakuna mtu atakayekaa siku mbili usiku na mchana akisubiri. Lakini huhitaji kuimaliza. Badala ya `all available space`, chagua `only` na uandike 102400 kwenye nafasi ya MB, yaani GB 100. Ndivyo fundi wa Turbo alivyofanya, na saa chache zilitosha, kwa sababu flashi za namna hii mara nyingi huwa na chipu ndogo sana ndani. Ila ujue mpaka wa kipimo hicho: kikigundua kosa, flashi ni ya uongo bila shaka. Kisipogundua, umethibitisha GB 100 za mwanzo tu.

Ukitaka jibu la haraka zaidi, kuna programu ya bure ya Windows iitwayo ValiDrive, iliyotolewa na Gibson Research mwaka 2023. Haijazi flashi. Inachagua sehemu 576 zilizotawanyika kutoka mwanzo hadi mwisho, inaandika na kusoma kila moja, na kukuchorea ramani ya zilizojibu kweli. Huchukua dakika, si masaa. Hii ndiyo unayoweza kuiendesha mbele ya muuzaji kabla hujalipa.

Wengine hupima kwa kunakili filamu moja mara 30 mpaka ijae. Usifanye hivyo. Kwenye flashi inayoandika mzigo mpya juu ya wa zamani, nakala zinazofanana zinaweza kufunikana na bado zikacheza, ukadhani zote zipo. H2testw na F3 huandika vitu tofauti kila mahali ndiyo maana haziwezi kudanganywa hivyo.

Mambo haya yote yanahusu pia memori kadi ya simu. Ujanja ni ule ule na kipimo ni kile kile, ukitumia kifaa cha kuchomekea kadi kwenye kompyuta.

Laptopu nayo hujitaja

Laptopu ya bei nafuu ina sehemu nyingi zaidi za kudanganyia, lakini tatu ndizo zinazorudi rudi.

Ya kwanza ni neno "1 TB" lisilomaanisha diski. Kuna laptopu ndogo, kama zile za HP Stream, zenye hifadhi ya 32 au 64 GB iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Baadhi ziliuzwa pamoja na mwaka mmoja wa Microsoft 365, ambayo huja na 1 TB ya OneDrive, yaani hifadhi ya mtandaoni. Muuzaji wa pili anaandika tu "1TB storage". Mwaka ukiisha na usipolipia, unabaki na 64 GB ambazo Windows yenyewe imekula sehemu kubwa. Kwa kuwa ipo kwenye bodi, fundi hawezi kukubadilishia kama diski ya kawaida. Muulize muuzaji swali hili kwa maandishi: "Diski iliyomo ndani ya mashine ni GB ngapi, na ni ya aina gani?"

Ya pili ni "Core i5" bila namba inayofuata. Hilo ni jina la ukoo, si la mtu. Prosesa ya i5-6300U ni ya kizazi cha 6 na ina viini 2. Ya i5-8250U ni ya kizazi cha 8 na ina viini 4. Zote ni "Core i5", lakini Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 kwa Intel, na Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa namba hizi za tarakimu nne, ile ya kwanza baada ya i5 ndiyo kizazi. Tangazo lisilo na namba kamili linakuficha kitu.

Ya tatu ni maandishi yaliyobadilishwa ndani ya Windows. Jina la prosesa unaloliona kwenye ukurasa wa `About` linaweza kubadilishwa na mtu anayejua. Kwa hiyo usiishie hapo. Zima mashine, iwashe, na uingie kwenye BIOS kabla Windows haijafunguka. Kwa HP nyingi ni `F10`, kwa Dell ni `F2`, kwa ThinkPad ni `F1`. Hapo utasoma prosesa, RAM na diski bila kupitia Windows. Kisha rudi kwenye Windows, bonyeza `Ctrl+Shift+Esc`, fungua `Performance` na uhesabu `Cores`. Mashine inayodai i5-8250U ikionyesha viini 2, imejisaliti. Stika ya i7 iliyobandikwa karibu na kibodi haithibitishi lolote; stika huuzwa kwa fungu.

Sasa pesa: kwa nini hatukuweza kuirudisha

Turudi kwa simu ya mteja wetu. Kurudisha muamala kupo kwa ajili ya pesa iliyokwenda nambari isiyo sahihi. Yeye alituma kwa nambari aliyoikusudia, na alithibitisha jina kabla ya kuweka PIN. Aliyepokea alitoa pesa kwa wakala siku ile ile, na laini ikazimwa. Pesa ikishatolewa hakuna salio la kushika. Kwa macho ya mfumo, kutuma pesa kwa simu ni sawa na kumpa mtu noti mkononi. Mfumo haujui kama alichokuletea ni kizima.

Ndiyo maana mpangilio wa kulipa ni muhimu kuliko malalamiko ya baadaye. Ukiweza, nunua mahali unapoweza kuchomeka kitu kabla ya kulipa. Safari ya matatu kutoka Turbo hadi Eldoret ni gharama ndogo ukilinganisha na kazi iliyopotea. Ukilazimika kununua mtandaoni, chagua kulipa mzigo ukifika, na ulipie kwenye nambari ya biashara, si nambari ya mtu binafsi. Soma jina linalotokea kwenye skrini ya kuthibitisha. Kama tangazo ni la duka na jina ni la mtu usiyemjua, simama hapo.

Kabla ya kutuma, andika ujumbe kama huu kwenye WhatsApp na usubiri jibu: "Nanunua flashi ya 64 GB kwa shilingi kadhaa. Nitaipima ndani ya siku 3. Ikiwa nafasi halisi si 64 GB, nitairudisha na utanirudishia pesa yote. Umekubali?" Muuzaji wa kweli hujibu ndiyo. Mwongo huanza kukuharakisha, au ananyamaza. Vyote viwili ni majibu.

Piga skrinshoti ya tangazo siku hiyo hiyo, kwa sababu hufutwa. Tunza ujumbe wa muamala wenye namba yake. Piga picha ya majibu ya kipimo, flashi yenyewe ikionekana. Na ikiwa imeshindwa kipimo, usikubali fundi aipunguze ili itumike kama 29 GB. Inawezekana kiufundi, lakini utakuwa umeharibu ushahidi, na chipu iliyopitia mikono hiyo si ya kuaminiwa na harusi ya mtu.

Ukiwa na ushahidi huo, sheria iko upande wako. Chini ya sheria ya uuzaji wa bidhaa Kenya, kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Kama flashi ina nembo ya kampuni ambayo haikuitengeneza, ripoti kwa Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Ghushi. Kwa laptopu ya maelfu ya shilingi kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na huhitaji wakili. Lakini huwezi kumshtaki mtu usiyemjua, mwenye laini iliyozimwa. Jina la biashara na namba ya muamala ndivyo vinavyokupa mtu wa kumdai.

Mteja wetu wa Turbo sasa ana utaratibu mwingine. Flashi au kadi yoyote mpya hulala usiku mmoja ikipimwa kabla ya kupewa kazi. Video za harusi hukaa sehemu mbili, na kadi ya kamera haifutwi mpaka achomoe flashi, aichomeke kwenye kompyuta nyingine, na kucheza dakika ya mwisho ya faili ya mwisho. Amesema ile flashi ya 2 TB bado iko mezani kwake. Mteja akimwambia ameona moja ya bei nafuu mtandaoni, humwonyesha hiyo.